Shukrani Isiyotaja Majina Yetu

Mimi Somoe binti Mtulia, wa Mahege, nina matende ya mguu wa kushoto. Nasema ninayo, sisemi nilikuwa nayo, maana matende hayakuagi ukayasindikiza. Yanapungua, yanatulia, yanakuacha ulale usingizi wako, lakini yapo. Naandika kwa ajili ya mwenye mguu kama wangu, aliyejifungia ndani, kajifunga khanga mbili mpaka chini ya vifundo, anadhani kapatwa peke yake. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaro, kwa hiyo mnistahimilie nikikosea.

Yalianza kwa mtoki. Mwaka niliomwachisha ziwa Shabani, mwanangu wa tatu, nilipatwa na homa ya kutetemeka. Tezi la kinena likavimba kama yai la bata, mguu ukawaka moto kuanzia pajani. Nikalala ndani wiki moja. Homa ikaondoka, mguu ukabaki umejaa kidogo. Masika yaliyofuata mtoki ukarudi, mguu ukajaa tena, na safari hii haukushuka. Ikawa ndiyo desturi yangu: kila mvua ikinyesha, nakwenda shambani kwenye mpunga, nakanyaga tope, mtoki unanilaza, na nikiamka mguu umeongezeka. Ngozi ikawa ngumu, ikajikunja juu ya kifundo, na katikati ya vidole ikawa haikauki. Ikawa inanuka. Hilo la kunuka watu hawaliandiki, lakini ndilo linalokuua kabla ya ugonjwa.

Nilizunguka kutafuta dawa. Nilichanjwa chale, nikapakwa majivu ya mizizi. Nilikaa benchi la hospitali, Kibiti, nikaambiwa nirudi siku nyingine, nikarudi nikakaa tena. Benchi lile nilikuwa nalijua ubao kwa ubao. Watu wakija wanakaa, halafu wanasogea. Wanasogea tu, kama vile wanakupa nafasi ya kunyoosha mguu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipa vidonge vya homa, akaniambia vya kuondoa uvimbe hana. Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Nyumbani, Bakari mume wangu alihamishia kitanda chake chumba cha mbele. Alisema huko kuna upepo. Sikumuuliza upepo gani. Arusi nikawa sendi, maana mkekani wanawake hukunja miguu, na mimi wangu haukunjiki. Dada yake Bakari, wifi yangu Tabu, ndiye aliyekuwa ananiletea pilau ya arusi kwenye sahani na habari zote, nani kavaa nini, nani kagombana na nani. Tabu mwenyewe alikuwa na matende, miguu yote miwili, ila alikuwa mtu asiyeona haya. Akipita njiani watoto wakimwangalia, huwaambia, "Tazameni vizuri, hii ndiyo miguu ya tembo, kesho mtaulizwa shuleni."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani tulipanga foleni ya sabuni toka alfajiri tukarudi mikono mitupu. Sasa maduka ya Bungu, kituo chetu cha basi, yalikuwa yamejaa sabuni, ya mche, ya unga, ya kunukia yenye picha ya mwanamke mweupe. Nalisema hili kwa sababu sabuni itakuja.

Mwishoni mwa vuli moja akaja Anjela. Alishuka basi Bungu, akaletwa mpaka kwetu kwa baiskeli, na begi, na boksi, na barua. Barua zilikuwa nyingi: ya chuo kikuu chake, ya mkoa, ya wilaya, na moja ya kamati inayotazama kama utafiti hauwadhuru watu. Mwenyekiti wa kijiji akazisoma zote, akagonga mhuri, ndipo tukaitwa zahanati, wanawake wenye matende. Bwana Nassoro, mganga wa zahanati yetu, akamtambulisha. Sisi tukamwita daktari. Yeye akakataa, akasema bado ni mwanafunzi, anasomea shahada ya pili, na utafiti huu ndio atakaouandika kwenye tasnifu yake.

"Mwanafunzi?" Tabu akasema. "Na umri huo? Mwenzio mimi nilishaozesha."

Anjela akacheka. Akasema kwao Kilimanjaro na mama yake anamwambia hivyo hivyo. Toka hapo tukampenda.

Akatueleza kazi yake. Alitaka kujua kama mwenye matende akiosha mguu kila siku kwa njia fulani, mitoki itapungua au la. Ili ajue, tugawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza litafundishwa kuosha na kupewa sabuni, kundi la pili litangoja mwaka mmoja, kisha nalo litafundishwa. Mwishoni atalinganisha. Akipatwa na mtoki mtu wa kundi lolote, atatibiwa zahanati. Na majina yetu, alisema, hayataandikwa popote. Kila mtu atakuwa na namba. Akasoma karatasi ya ridhaa polepole, akauliza kama tumeelewa, akasema anayetaka kukataa akatae, hatanyimwa dawa. Tukaweka vidole kwenye wino. Mimi nikaandika jina langu, kwa kuwa naweza.

Kisha tukaokota vipande vya karatasi kwenye kikapu kilichofunikwa. Mimi nikaokota kundi la kwanza. Tabu akaokota la kungoja.

Jambo la mwisho Anjela alilosema siku ile ni hili: kundi la kwanza lisiwafundishe wenzao mpaka mwaka uishe, la sivyo kulinganisha kutaharibika. Akauliza, "Mnakubali?" Sote tukasema ndiyo.

Nikueleze nilivyofundishwa, maana pengine hicho tu ndicho ulichokifuata hapa. Maji safi, yasiwe ya moto, ya kawaida. Sabuni yoyote isiyokuchoma. Unaanza juu unashuka chini, kila mkunjo unaufungua kwa kidole, na katikati ya vidole vya mguu unapitisha kitambaa taratibu. Unasuuza mpaka maji yawe meupe. Halafu unakausha, na hapo ndipo kazi ilipo: husugui, unagusagusa kwa kitambaa safi mpaka mikunjo yote iwe mikavu. Palipopasuka unapaka dawa. Ukikaa, mguu uwe juu ya kigoda. Ukilala, weka kitu chini ya godoro upande wa miguuni. Kifundo ukizungushe, uchezeshe vidole. Shambani vaa viatu. Mtoki ukija, mguu uupoze kwa kitambaa cha maji ya baridi, unywe maji, upumzike, na uende zahanati. Usichanje. Anjela alisema uvimbe wenyewe unatokana na minyoo inayoletwa na mbu, lakini homa zile zinaingilia kwenye nyufa za ngozi, kwa hiyo ukiziba mlango, mwizi haingii.

Niliosha. Mwezi wa kwanza harufu iliondoka. Hata kama kusingekuwa na faida nyingine, hiyo ingetosha. Bakari alipita barazani mguu ukiwa juu ya kigoda, akasimama, akauliza nimepaka nini. Nikamwambia sikupaka kitu. Asubuhi ya pili nikakuta ndoo ya maji imewekwa karibu na kigoda changu. Bakari ndiye aliyeichota.

Kila mwezi Anjela alikuja kupima. Alikuja asubuhi mapema, kwa kuwa jioni mguu wowote unajaa, akatoa utepe, akapima kutoka kisigino kwenda juu, akatia alama ya kalamu, akazungusha utepe palepale alipozungusha mwezi uliopita. Mara mbili kila mahali. Kisha akauliza umepata mitoki mingapi tangu tuonane. Alilala kwa Bwana Nassoro, akala kisamvu chetu, akajifunza kusalimia Kindengereko vibaya vibaya.

Masika yakaja, mpunga ukaanza kushika, na watu wakahamia madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda ndege na nguruwe. Tabu alikuwa kwenye dungu lake mtoki ulipomkamata. Shabani akamkuta chini ya ngazi, anatetemeka, hawezi kupanda wala kuondoka. Wakambeba kwa machela mpaka kwangu, maana kwangu ndiko karibu. Bwana Nassoro akamtibu, homa ikashuka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namfunua miguu. Vidole vimeshikana, nyufa zinatoa maji, na harufu ni ileile yangu ya zamani. Na kigoda changu kipo pale, na ndoo, na sabuni.

Sasa wewe niambie. Utaosha mguu wako mbele ya wifi yako mgonjwa, wake umwambie ungoje mwakani?

Nikamwosha. Nikamwonyesha kila kitu kama nilivyoonyeshwa. Alipopona akaendelea mwenyewe, sabuni akanunua Bungu. Na sikuwa peke yangu, ingawa wakati ule sikujua. Mwenzangu wa kundi la kwanza alikuwa na dada yake kwenye kundi la pili, mwingine mkwewe, mwingine jirani anayechota naye kisima kimoja. Hapa kwetu mtu akipata dawa inayofaa akaificha, huyo tunamwita mchawi. Hatukukaa kikao. Kila mmoja alifanya kwake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara; kipupwe kilipoingia ndipo Anjela akaja tena kupima. Akaanza na Tabu. Akapima, akatazama karatasi yake, akapima tena. Akainama akafungua vidole vya mguu wa Tabu, akatazama katikati. Vikavu, safi, vinanukia sabuni.

"Mama Tabu," akasema, "nani amekufundisha?"

"Wifi yangu," Tabu akajibu, bila wasiwasi. "Na tazama na huu mwingine, umepungua kuliko huo."

Anjela akapima wote waliobaki. Kisha akaniomba tukae nyuma ya zahanati. Alikuwa hana hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Akaniambia kundi la kungoja halipo tena. Hana cha kulinganisha. Wafadhili wanamlipia kwa taarifa, hatua kwa hatua, na muda wao unaisha mwakani. Chuo nacho kina tarehe yake. Asipokuwa na matokeo hana tasnifu, na asipokuwa na tasnifu miaka yote ile ni bure, anarudi kwao kama alivyotoka.

"Lakini mlisema ndiyo," akaniambia. "Wote mlisema ndiyo."

Nikamweleza. Ile ndiyo ilikuwa ya heshima. Mgeni aliyetoka mbali, ana barua za serikali, anakuomba jambo siku ya kwanza mbele ya mwenyekiti, humwambii hapana usoni. Unasema ndiyo, na yeye kama ni mtu wa hapa anajua kwamba bado hujajibu. Atarudi jioni nyumbani kwako, mtakaa, ndipo mtasemezana kweli. Anjela hakurudi jioni. Kwao Kilimanjaro ndiyo ni ndiyo. Sote wawili tulikuwa hatujui hilo mpaka pale.

Akaondoka na basi la kesho yake. Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa nasema ndani ya nafsi yangu, yule binti ametuponya miguu, na sisi tumemvunja yake. Nikamwambia Tabu. Tabu akasema, "Sasa ulitaka niendelee kunuka ili yeye afaulu?" Na yeye mwenyewe baada ya kusema vile akaanza kulia.

Wiki kadhaa zikapita, gari la chuo likaja. Ndani yake Anjela na msimamizi wake, Profesa Salvatori, mzee mwenye mvi, mrefu. Akavua viatu, akakaa mkekani na sisi. Tukajua tumeletewa wa kutugombeza. Tabu akawahi.

"Profesa, huyu mwanafunzi wako usimchape. Sisi ndio watukutu."

Profesa akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha akatuuliza, mmoja mmoja, nani alimfundisha nani, mwezi gani, alimfundisha vipi, na alisahau nini. Maana kumbe wengine walisahau kukausha, na miguu yao haikupungua kama ya waliokausha. Ilikuwa shida kukumbuka miezi, ikabidi tuhesabu kwa mvua na mavuno na Ramadhani. Hapo mimi nilisaidia, kwa kuwa majina hayanipotei. Nani alikuwa kwa nani, na wakati huo nani alikuwa na mimba, hayo ninayo kichwani.

Tulipomaliza, Anjela akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna mwenzake chuoni kamshauri awaondoe wote waliofundishwa, aandike kwamba walihama, abaki na wachache safi.

Profesa akamjibu mbele yetu, kwa Kiswahili, nadhani kwa makusudi ili na sisi tusikie. "Ukifanya hivyo utapata shahada ya uongo, na mimi nitakuwa nimeisaini. Swali lako la kwanza limekufa. Liandike kwamba limekufa, na lilikufaje. Halafu uliza jipya. Kila mguu una vipimo vyake vya tangu mwanzo, ulinganishe na wenyewe. Na hawa wamepokezana mafunzo bila wewe kuwepo. Hilo halikuwemo kwenye mpango wako, na huenda ndilo lenye faida zaidi."

Akamwambia pia kwamba si la kuanza kesho. Mpango mpya lazima urudi kwenye ile kamati, na sisi tuombwe ridhaa upya. Wafadhili waandikiwe ukweli wote, na waombwe muda. Wakikataa, basi.

Tukangoja. Ngojangoja ile ilikuwa kama ya benchi la Kibiti, ila hii tuliingojea pamoja. Kila basi la Dar likisimama Bungu, Shabani aliulizia. Vuli ikaanza, ikamwagika, ikakaribia kwisha. Ndipo Anjela akaja mwenyewe. Kamati imekubali. Wafadhili wamemwongezea miezi sita, si zaidi, na wamemtaka aandike sura nzima juu ya kilichoharibika.

Safari hii aliposoma karatasi ya ridhaa na kuuliza kama tunakubali, hakutuwekea wino. Akaikunja, akasema atapita jioni, nyumba kwa nyumba. Akapita. Kwangu alikaa mpaka maghrib, tukasemezana kweli. Nilimwambia mengi, na mojawapo ni kwamba sitakaa bila kumfundisha atakayekuja na mguu mbovu. Akasema safari hii ndicho anachotaka.

Akapima masika yote, mtoki ulionijia ulikuwa mmoja tu, wa siku mbili. Kisha akarudi Dar kuandika. Barua zake Bwana Nassoro alitusomea. Sura moja imerudishwa na Profesa imejaa wino mwekundu. Sura nyingine imerudishwa mara tatu. Kisha tasnifu imepelekwa kwa mtahini wa chuo kingine. Kisha kaitwa mbele ya jopo kuitetea, kasimama peke yake, Profesa yupo lakini haruhusiwi kumjibia. Mmoja wa jopo kamwambia huu si utafiti, ni ajali. Kajibu kwamba ajali nayo ikipimwa vizuri inafundisha. Wakampitisha kwa masharti ya kurekebisha. Karekebisha, Profesa kasaini, kitabu kikaenda kufungwa jalada gumu.

Siku ya kiangazi akatuletea nakala moja, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Kimeandikwa Kiingereza. Kwa hiyo alikuwa ameuandika ukurasa wa shukrani kwa Kiswahili kwenye karatasi kubwa, akaubandika kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, pale wanapobandika siku za chanjo. Nikaombwa niusome kwa sauti. Ulikuwa mfupi. Nauandika kama ulivyokuwa:

"Namshukuru msimamizi wangu, Profesa Salvatori, aliyenikataza kuficha, kisha akanisaidia kueleza. Nawashukuru wafadhili wangu: niliwaandikia kwamba mpango umevunjika, nao wakaniongezea muda badala ya kuniacha. Namshukuru Bwana Nassoro, aliyenipa chumba na subira. Nawashukuru wanawake walioshiriki, ambao niliahidi kutowataja. Kazi hii ilikuwa yenu kabla haijawa yangu. Makosa yaliyobaki humu ni yangu mwenyewe."

Wanawake wakasogea ubaoni. Kisha Tabu akauliza, "Sisi tuko wapi?"

Anjela akamwonyesha mstari. Tabu akasema mstari kauona, anauliza majina. Kwetu hata dua haisomwi bila kutaja jina, Mungu mwenyewe anasomewa majina. Profesa katajwa, Nassoro katajwa, hata wafadhili wanajijua. Anjela akaeleza ile ahadi. Ugonjwa ni siri ya mtu, aliapa mbele ya kamati, na hawezi kuivunja hata tukimwomba, kwa kuwa kitabu kitakaa maktaba miaka mingi na kitasomwa na wasiotujua. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema alitamani kututaja.

Nikamwambia sawa. Yeye kafungwa na ahadi yake, na ahadi ni deni. Mimi sikuapa mbele ya kamati yoyote. Ndiyo sababu ya karatasi hizi. Nimepita jioni, nyumba kwa nyumba, nikaketi, nikauliza, nikangoja jibu la kweli.

Wanaotaka kutajwa ni hawa. Tabu binti Mtoro, miguu yote miwili, sasa anavaa makubazi. Mwanahawa Mkumba. Asha Mbonde na dada yake Zainabu. Hadija binti Ngwele, aliyekuwa anasahau kukausha. Mwasiti Kipande. Siwema, mke wa marehemu Seleman, ambaye alianza kuosha akiwa na miaka kuzidi sabini. Mimi Somoe. Ukiwa na mguu kama wetu, ukafika Mahege, uliza jina lolote kati ya haya, utaonyeshwa nyumba, na utaoshwa siku hiyo hiyo.

Mmoja aliniambia nimwache. Ana binti anayeposwa, na watu bado wanadhani matende yanarithiwa. Nimemwacha. Mguu wake umepungua kuliko yetu sote.